Jinsi ya kujua kama video ya YouTube imewekwa alama ya tangazo la kulipiwa, na mtazamaji anaiona wapi

Nina dada mmoja wa Mbagala ambaye huwa namhariria video za mapishi. Mwaka jana muuza vyombo mmoja wa Kariakoo alimlipa apike maharage kwenye jiko la presha la umeme mbele ya kamera, na jiko lenyewe akamwachia. Walikubaliana kwamba video iwekwe alama ya kuonyesha kuwa imelipiwa. Sharti hilo halikuwa la muuzaji peke yake: mzigo wa majiko aliuchukua kwa mtu wa Dubai aliyeahidi kuchangia gharama, na huyo wa Dubai hakutaka kutuma hela mpaka aione alama kwa macho yake.

Video ilipandishwa Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi muuzaji akapiga simu: "Dada yangu, nimeitazama mara tatu, hata mke wangu nimemwita aangalie. Hakuna maneno yoyote." Dada akamwapia kwamba tiki ameiweka kwa mkono wake. Ilinichukua karibu saa nzima kugundua kwamba wote wawili walikuwa wanasema kweli. Njia niliyopitia siku ile ndiyo ninayoieleza hapa, kwa sababu inamfaa mtazamaji anayetaka kujua kama anauziwa kitu, inamfaa mwenye chaneli, na inamfaa mfanyabiashara aliyetoa hela yake.

Alama yenyewe ni ipi

Mwenye chaneli anapopandisha video YouTube, anatakiwa aseme kama ndani yake kuna tangazo la kulipiwa. Anasema kwa kuweka tiki kwenye kisanduku kimoja tu. Akishaweka, YouTube yenyewe inaandika juu ya video maneno haya, kama akaunti ya mtazamaji iko kwa Kiingereza:

`Includes paid promotion`

Maana yake ni kwamba video ina tangazo lililolipiwa. Kama umeweka YouTube kwa lugha nyingine, maneno nayo yanakuja kwa lugha hiyo, kwa hiyo usikariri herufi za Kiingereza peke yake. Kariri mahali yanapokaa na wakati yanapotokea.

Kwa YouTube, malipo si pesa taslimu tu. Ukipewa bidhaa ya bure ili utengeneze video ya kampuni fulani, hayo ni malipo pia. Lile jiko la presha pekee, hata bila bahasha, lingetosha kumlazimu dada aweke tiki. Mtu akilipiwa video nzima au kipande chake na kampuni ili jina la kampuni litajwe, anaweka tiki. Akilipwa atoe maoni yake kuhusu bidhaa, yaani aisifie kama mtumiaji, anaweka tiki vilevile.

Hapa nitenganishe vitu viwili ambavyo watu wengi wanavichanganya. Kabla video haijaanza, mara nyingi linapita tangazo la soda, la benki au la mtandao wa simu, na pembeni limeandikwa `Sponsored`. Hilo ni tangazo la Google. Kampuni imeilipa Google, na mwenye chaneli huenda hata hajui ni tangazo gani limekutokea wewe. Jirani yako akifungua video hiyohiyo ataona tangazo jingine kabisa. Alama ninayoizungumzia inahusu kilichomo ndani ya video yenyewe, yale yaliyopikwa na kusemwa na mwenye chaneli. Mtu anaweza kuona `Sponsored` akadhani ameiona alama, na mwingine akaona video haina tangazo la Google mwanzoni akadhani haijalipiwa. Wote watakuwa wamekosea.

Inakaa wapi kwenye skrini

Kwenye video ya kawaida, ile ya kulala, alama inatokea juu ya picha, kona ya kushoto. Inatokea mwanzoni mwa video na inakaa sekunde 10, halafu inapotea yenyewe. Ukiigusa au ukiibofya kabla haijapotea, unafunguliwa ukurasa wa msaada wa Google unaoeleza matangazo ya kulipiwa ni nini. Hiyo ni dalili nzuri ya kutofautisha alama ya YouTube na maandishi ambayo mhariri ameyapachika ndani ya video kwa mkono wake. Maandishi ya mhariri hayabofyeki, kwa sababu ni sehemu ya picha.

Sekunde 10 ni chache kuliko zinavyosikika. Fikiria mtu anavyofungua video kwenye simu: tangazo la Google linaanza, anasubiri kitufe cha kuruka kijitokeze, anaruka, halafu anageuza simu ili picha ijae. Wakati anageuza, video imeshaanza. Au anasogeza chini asome maoni, au anagonga mara mbili upande wa kulia ili aruke salamu. Akitulia kutazama, alama imeshaondoka. Huyo akiulizwa ataapa kwamba hakuona kitu, na hasemi uongo.

Kwenye ukurasa wa mwanzo wa YouTube, pale video zinapojicheza zenyewe bila sauti unapopita juu yake, maneno hayo yanaweza kutokea juu ya picha hata kabla hujafungua video. Ila usiutegemee ukurasa huo kama ushahidi, maana video nyingi unazipita haraka kabla hazijaanza kujicheza.

Video fupi za Shorts ni habari nyingine. Hizi zinajaza skrini kwa wima, na sehemu ya chini kushoto ndiyo yenye jina la chaneli na kichwa cha video. Alama nayo inakaa upande huohuo wa chini, karibu na jina la chaneli. Mtu aliyezoea kuangalia kona ya juu kushoto anaweza kuimaliza Short nzima akatoka mikono mitupu.

Kuangalia kama mtazamaji, bila kujidanganya

Fanya hivi, na uende kwa utaratibu huu.

1. Chukua kiungo cha video na ukisome kabla ya kukifungua. Kama mwishoni kina `t=` na namba, kwa mfano `&t=185`, aliyekutumia amekuanzishia video katikati. Futa kipande hicho ili video ianze mwanzo, kwenye 0:00. Watu wanaotumiana video kwa WhatsApp hupenda kutuma kipande wanachokitaka tu, kwa hiyo hili linatokea sana.

2. Fungua kiungo kwenye dirisha la faragha la kivinjari, lile lisilohifadhi historia. Kwenye Chrome ya kompyuta unabonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Zipo sababu mbili. Kwanza, unatazama kama mgeni, wala si kama mtu ambaye YouTube inakumbuka kwamba jana aliishia dakika ya sita ikamrudisha palepale. Pili, viendelezi vya kuzuia matangazo kwa kawaida havifanyi kazi kwenye dirisha hilo mpaka uviruhusu mwenyewe. Viendelezi hivyo vinaweza kuficha vitu vinavyoelea juu ya video, na alama hii ni mojawapo ya vitu vinavyoelea.

3. Acha tangazo la Google lipite lote au liruke. Usianze kuhesabu sekunde mpaka video yenyewe ianze.

4. Video ikianza tu, isimamishe. Angalia kona ya juu kushoto, au upande wa chini kama ni Short. Iache iendelee hadi sekunde ya 12 bila kugusa kitu.

5. Kama hukuona, fungua upya ukurasa mzima, kisha rudia hatua ya nne. Usitosheke kuburuta ile nukta nyekundu ukairudisha nyuma, kwa sababu kinachotakiwa ni kuanza kutazama upya kama vile hujawahi kuifungua.

Mwenye bando dogo anaweza kushusha ubora wa video hadi 144p kabla ya kufanya haya. Alama si sehemu ya picha, inaandikwa juu yake na YouTube, kwa hiyo inasomeka vizuri hata video ikiwa na ukungu.

Nilipofika hapa siku ile ya Jumamosi, nilifungua video ndefu ya dada, ile ya dakika kumi na moja, na alama ikatokea palepale kona ya kushoto. Nikampigia muuzaji nikamwambia ipo. Akasema haipo. Tukabishana kwa adabu dakika kadhaa, mpaka nikamwomba anitumie kiungo anachokifungua yeye. Kilipofika nikaona katikati yake kumeandikwa `/shorts/`.

Kila video ina tiki yake

Hapo ndipo fundo lilipokuwa. Dada alikuwa amekata kipande cha sekunde 40 kutoka video ndefu, pale anapofungua jiko na mvuke unapanda, akakipandisha kwa simu kama Short ili kiwavute watu. Video ndefu aliipandisha kwa kompyuta yangu na tiki akaiweka. Short aliipandisha akiwa kwenye daladala, na hakufikiria kwamba inadai tiki yake. Kwa YouTube hizo ni video mbili zisizojuana. Ukiwa umetamka kwa hii, hujatamka kwa ile, hata kama picha ni zilezile na jiko ni lilelile.

Kosa hili nimeliona tena mara kadhaa tangu siku ile, na karibu kila mara ni kwenye vipande vifupi. Kwa hiyo ukiwa mfanyabiashara uliyelipia video, usiishie kukagua moja. Ingia kwenye chaneli, fungua sehemu ya video ndefu, kisha ya Shorts, tafuta kila kipande ambacho bidhaa yako inaonekana, na ukague kimoja kimoja.

Kwa mwenye chaneli, mahali pa kuhakikisha ni YouTube Studio. Kwenye kompyuta fungua `studio.youtube.com`, nenda kwenye orodha ya maudhui yako, gusa video unayoitaka ili ufungue maelezo yake, shuka chini hadi kwenye `Show more`, ifungue, halafu tafuta sehemu ya `Paid promotion`. Kisanduku chenyewe kimeandikwa hivi:

`My video contains paid promotion like a product placement, sponsorship, or endorsement`

Kikiwa na tiki, umeshatamka. Kikiwa kitupu, hujatamka, hata kama umetaja jina la duka mara ishirini ndani ya video. Angalia kitu kimoja zaidi kabla hujaondoka: juu kulia kuna `Save`. Tiki uliyoweka bila kubonyeza `Save` haijaenda popote. Nimeona mtu akiweka tiki, akaiona kwa macho yake, akafunga ukurasa, na kesho yake kisanduku kikawa kitupu.

Anayetumia simu ataikuta sehemu hiyohiyo ya tangazo la kulipiwa kwenye programu ya YouTube Studio, ndani ya sehemu ya kuhariri maelezo ya video. Imejificha kidogo kuliko kwenye kompyuta, na nadhani hiyo ndiyo sababu Shorts nyingi zinapita bila tiki: watu wanazipandisha kwa simu, haraka haraka, na sehemu hiyo hawaifikii.

Habari njema ni kwamba video haihitaji kufutwa wala kupandishwa upya. Tiki inawekwa wakati wowote, hata video ikiwa na miezi, na idadi ya watazamaji na maoni vinabaki palepale. Dada aliiwekea Short yake tiki siku ileile, akabonyeza `Save`, akafunga. Niliifungua tena kwenye dirisha la faragha, na alama ilikuwepo chini, juu kidogo ya jina la chaneli yake.

Wengi huniuliza kama tiki inawanyima mapato. YouTube inaendelea kuweka matangazo yake kwenye video zenye alama. Inachoweza kufanya ni kubadilisha tangazo linalogongana na la mdhamini wako, kwa mfano isionyeshe jiko la kampuni pinzani mbele ya video yako ya jiko, ikaweka tangazo jingine. Kuna jambo moja tu ambalo mwenye chaneli ya watoto analifahamu vizuri: video iliyowekwa alama hii haionekani kwenye YouTube Kids. Kama mtoto wako anatazama huko na video fulani imepotea ghafla, huenda mwenye chaneli ameweka tiki.

Kuangalia video nyingi bila kuzitazama

Muuzaji wa Kariakoo hakuishia kwa dada. Baadaye alilipia chaneli sita kwa pamoja, na kila moja ilitoa video tatu au nne. Kukaa na simu ukisubiri sekunde 10 za kila moja ni kazi ya siku nzima. Kuna njia rasmi ya kuiuliza YouTube moja kwa moja, na haidai ujue kuandika programu, ila inadai uvumilivu wa dakika ishirini mara ya kwanza.

Unaingia `console.cloud.google.com` kwa akaunti yako ya Google, unaunda mradi mpya, unatafuta `YouTube Data API v3` na kuiwasha, halafu kwenye sehemu ya `Credentials` unatengeneza ufunguo wa API. Ufunguo huo ni mstari mrefu wa herufi na namba. Utunze kama unavyotunza namba ya siri, usiubandike kwenye kundi la WhatsApp.

Kisha unahitaji kitambulisho cha kila video. Hizo ni herufi 11 zilizo kwenye kiungo baada ya `v=`, au baada ya `youtu.be/`, au baada ya `/shorts/` kama ni Short. Herufi kubwa na ndogo zina maana tofauti hapo, kwa hiyo nakili, usiandike kwa kukisia. Ukishapata, andika anwani hii kwenye kivinjari kwa mstari mmoja, ukiweka vitambulisho vyako na ufunguo wako. Hapa nimeandika majina ya mfano:

```
https://www.googleapis.com/youtube/v3/videos?part=paidProductPlacementDetails&id=VIDEO_NDEFU,VIDEO_FUPI1&key=UFUNGUO_WAKO
```

Laiti ningeiuliza hivyo Jumamosi ile, kabla ya kupiga simu yoyote, kiini cha jibu kingekuwa hivi:

```json
{
  "items": [
    { "id": "VIDEO_NDEFU",
      "paidProductPlacementDetails": {
        "hasPaidProductPlacement": true } },
    { "id": "VIDEO_FUPI1",
      "paidProductPlacementDetails": {
        "hasPaidProductPlacement": false } }
  ]
}
```

Jibu lenyewe lina mistari mingine, lakini unachotafuta ni neno moja tu. `true` maana yake mwenye video ameweka tiki. `false` maana yake hajaweka. Mistari hiyo ingetuepusha na ubishi wote. Unaweza kuuliza hadi video 50 kwa mara moja kwa kuzitenganisha kwa mkato, na kila swali linakula pointi 1 kati ya pointi 10,000 ambazo mradi mpya unapewa kwa siku, kwa hiyo mtu wa kawaida hawezi kuzimaliza. Kama umeuliza video tano na zimerudi nne, ile iliyokosekana ama imefutwa, ama imefanywa ya siri, ama umekosea herufi moja ya kitambulisho.

Ipo pia njia ya mkato kwa mwenye kompyuta asiyetaka kuhangaika na ufunguo. Fungua video, bonyeza Ctrl na U ili uone maandishi ya ndani ya ukurasa, halafu Ctrl na F utafute neno `paidContentOverlayRenderer`, lote kama lilivyo bila nafasi. Likipatikana, karibu yake utakuta na maneno ya alama yenyewe. Njia hii ninaitumia nikiwa na haraka, lakini siitegemei kwa jambo la hela, kwa kuwa hayo ni majina ya ndani ya YouTube na wanaweza kuyabadilisha usiku mmoja bila kumwambia mtu.

Alama isipokuwepo

Hapa ndipo mtazamaji anapotakiwa kuwa makini zaidi. Zana zote nilizoeleza zinajibu swali moja tu: mwenye video amesema au hajasema. Hazijibu kama amelipwa. Ukipata `false`, una uhakika kwamba hakuna tamko, basi. Na ukipata `true` bado hujui nani amelipa, amelipa kiasi gani, wala ni dakika ipi ya video iliyolipiwa. Video ya mapishi ya nusu saa inaweza kuwa na sekunde 30 za mdhamini, na alama itatokea mwanzoni ileile.

Mfano unaojulikana ni wa Machinima, kampuni ya Marekani iliyokuwa na mtandao wa chaneli za michezo ya video. Iliwalipa watu waisifie Xbox One kwenye video zao za YouTube bila kuwaambia watazamaji. Wawili kati yao walilipwa, mmoja dola 15,000 na mwingine dola 30,000, na video zao zilitazamwa mamia ya maelfu ya mara kama maoni ya mtu huru. Mwaka 2015 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza makubaliano ya kuizuia kampuni hiyo kurudia. Mtazamaji wa video zile hakuwa na kona yoyote ya skrini ambayo ingemwambia.

Kwa hiyo alama isipokuwepo, sogea kwenye dalili za kawaida. Sikiliza dakika za mwanzo na za mwisho, kwa sababu shukrani kwa mdhamini hutajwa hapo. Fungua maelezo yaliyo chini ya video, uyafungue yote hadi mwisho, maana mstari wa kwanza unaoonekana ni salamu tu na viungo vya duka viko chini. Msimbo wa punguzo wenye jina la mwenye chaneli ni dalili nzito: duka halimtengenezei mtu msimbo wake kama hawana mapatano. Angalia pia kama bidhaa inasifiwa bila kasoro hata moja. Dada aliposema jiko lile linachelewa kutoa mvuke na waya wake ni mfupi, watu waliamini zaidi yale mazuri aliyoyasema, na muuzaji hakulalamika.

Kuna na upande wa pili. Mwenye chaneli anaweza kusema kwa mdomo wazi kwamba amelipwa, na bado kisanduku kikawa kitupu. Kwa mtazamaji, huyo amekuwa mkweli, lakini kwa YouTube hajatimiza sharti. Na aliyeweka tiki bila kusema neno ametimiza la YouTube, lakini ameacha watazamaji wengi wakipita bila kujua, kwa sababu ya zile sekunde 10. Kijitabu cha FTC cha mwaka 2019 kwa watu wenye wafuasi mitandaoni kinasema wasidhani kwamba zana ya mtandao inatosha, na kwamba kwenye video tamko liwe ndani ya video yenyewe, si kwenye maelezo peke yake. Waswahili wenzetu wenye chaneli na wanaoishi Marekani kijitabu hicho kinawahusu moja kwa moja. Sisi wa huku namshauri kila ninayemhariria afanye yote mawili: atamke kwa Kiswahili ndani ya nusu dakika ya kwanza, "video hii imelipiwa na duka fulani," kisha aweke tiki.

Ukihama YouTube, majina yanabadilika. Instagram inaandika `Paid partnership` chini ya jina la aliyeweka video, na mara nyingi na jina la kampuni linafuata. TikTok inaandika `Paid partnership` kwenye video iliyolipiwa na kampuni nyingine, na `Promotional content` pale mtu anapotangaza biashara yake mwenyewe. Tofauti ambayo mtazamaji anaifurahia ni kwamba huko alama inakaa pamoja na maelezo ya video, haikimbii baada ya sekunde 10.

Kumtumia mtu ushahidi

Mtu wa Dubai alitaka picha. Muuzaji alijaribu kuipiga skrini yake mara nne na kila mara alikuta alama imeshaondoka, kwa sababu alikuwa anasubiri hadi jiko lionekane. Nilimwelekeza aisimamishe video kwenye sekunde ya 3 au ya 4, asubiri vitufe vya kuchezea vijifiche ili visizibe maandishi, halafu apige. Kama alama inapotea anaposimamisha, basi arekodi skrini kuanzia kabla ya kufungua kiungo hadi sekunde ya 15. Rekodi ni bora kuliko picha, kwa kuwa inaonyesha jina la chaneli, kichwa cha video na alama kwa mfululizo mmoja, na hakuna atakayesema imetengenezwa.

Alirekodi mbili, moja ya video ndefu na moja ya Short, akaandika chini ya kila moja tarehe na kiungo kamili, akazituma Jumatatu. Tarehe ina kazi yake: tiki inaweza kuondolewa kesho kama ilivyowekwa jana, na rekodi inathibitisha hali ya siku ile tu. Kwa hiyo kwenye mapatano yake na zile chaneli sita alizozilipia baadaye, aliandika mstari unaosema alama ibaki kwa muda wote video itakapokuwa hewani, na kila mwisho wa mwezi ananiomba nimpitishie orodha ya vitambulisho kwenye anwani ile ya API. Mwezi uliopita video mbili zilirudi na `false`. Moja ilikuwa Short.